Baba, Uliishia Mlangoni

Mbotela, Jumapili, tumetoka kanisani

Baba,

Sikuulizi hali, maana yako naijua, na yangu utaijua sasa hivi. Nimekasirika. Nimekukasirikia tangu masika, na kwa kuwa watu wanasema marehemu hasemwi vibaya, nimeona heri nikuseme wewe mwenyewe kuliko kukusema kwa Mama Njoki pale bombani. Yeye angefurahi mno.

Nyumbani tuko. Koti lako la kazini Mama amempa katekista, na mikono inamfika kwenye vidole, lakini anajivuna nalo kila Jumapili. Baraza la mji wametupakia mlango rangi ya kijani bila kuuliza. Mama bado anachagua maharagwe kizingitini, akiyauza kwa kikombe, na jirani wakipita anawasalimu kama kawaida. Meza yako haijasogezwa. Ndipo ninapokuandikia, chini ya dirisha, na taipureta yako imekaa mbele yangu kama mtu anayengoja nimwombe radhi.

Sasa tuje kwenye hasira. Ni kile kitabu chako.

Ulituachia bunda la kurasa, limefungwa kamba ya katani, na sura ya mwisho haimo. Yule mhariri aliyekuahidi kukichapisha aliniita ofisini kwake mjini. Akanipa pole, akaniagizia chai, kisha akaniambia kwa sauti laini kwamba kitabu kisicho na mwisho hakichapishwi. Akauliza kama naweza kukimalizia mimi, maana ndiye niliyekipiga chapa chote, jioni baada ya kazi, wewe ukisoma kwa sauti na mimi nikigonga. "Ukishindwa," akasema, "tutakurudishia kurasa, mkae nazo kama ukumbusho." Ukumbusho! Miaka yote ile uliyokuwa ukirudi kutoka kwenye ukarani wako, unavua viatu, unaandika mpaka uji unapoa, halafu iwe ukumbusho wa kuwekwa chini ya kitanda pamoja na mabati yaliyobaki?

Nikamwambia naweza. Mdomo ukaniponza.

Kwa maana sura hiyo Baba, unajua ni ipi. Kitabu chote kinaelekea asubuhi moja tu: wanaume wa kiwandani wanakuja mtaani kumwambia mama mmoja, Kavata, kwamba mwanawe ameuawa na mashine. Kila mtu wa hapa akisoma atajua Kavata ni Mama, na mwana ni Musyoka wetu. Hukujisumbua kuficha. Ulibadilisha jina la mama na ukahamisha bomba la maji, basi. Na baada ya kutuzungusha kurasa zote hizo, ulipofika mlangoni kwa Kavata ukaweka kalamu chini.

Ni wewe uliyenifundisha kazi hii, na hicho ndicho kinachonichoma. Ulinifundisha kwamba anayesimulia lazima ajue amesimama wapi. Ukiwa juu, ulikuwa ukisema, juu kabisa kiasi cha kuona reli na Barabara ya Jogoo na mabomba ya viwanda, huko hakuna siku moja, kuna siku zote. Ndiyo maana huko juu moshi *huamka*, watu *huvuka*, ving'ora *hulia*. Hakuna jina la mtu. Hakuna harufu ya chakula, maana harufu haifiki huko. Kisha ushuke kidogo, uchague asubuhi moja. Ushuke tena, uchague mtaa, uchague mlango. Hapo mpe msomaji mtu, bado ni "mama mmoja," na umkute akifanya kazi, asikae tu kama picha ya studio. Ushuke tena, umpe jina. Na ukishamkaribia, ulikuwa ukigonga meza kwa kidole, "Mwikali, toa hayo ma-*aliona*, toa *alihisi*, toa *aliwaza*. Mtu akiungua hasemi 'ninahisi moto.' Anavuta mkono." Na mwisho kabisa, ukiwa ndani yake, maneno yawe yake. Lugha yako nzuri ya karani iache nje na viatu.

Tena ulinikataza kuruka. Ukimtoa msomaji mawinguni ukambwaga kwenye vidole vya mtu, atateguka mguu, ataangalia huku na huku akijiuliza hivi ni vidole vya nani na vinamhusu nini. Kila hatua apunguziwe kitu na aongezewe kitu: nchi ipungue, mtu aongezeke.

Haya. Mwalimu mzuri. Lakini mganga hajigangi.

Nimezisoma sura zako zote upya, safari hii bila sauti yako kunipumbaza, nikaona unachokifanya. Unashuka vizuri, hatua kwa hatua, hata mimi niliyepiga chapa nasahau niko kwenye kiti. Unafika mlangoni. Halafu msimulizi wako anabisha hodi, na kwa kuwa hajasikia "karibu," anageuka anarudi zake juu. Kila sura! Kijana anafukuzwa kazi, tunafika mlangoni kwake, hodi, tunaondoka, jua linatua juu ya Industrial Area. Binti anaposwa, tunafika mlangoni, hodi, moshi unapanda. Nilidhani ni urembo. Sasa naona ni adabu. Mwanamume aliyelelewa vizuri haingii kwa watu bila kukaribishwa, na hapiti pazia la katikati ya chumba kwenda upande wa kitanda na jiko. Ulimfanya msimulizi wako awe na heshima kama wewe, Baba, na msimulizi mwenye heshima hivyo hafai kitu.

Nikasema nitaingia mimi. Mimi nimelelewa nyuma ya lile pazia.

Jaribio la kwanza nilikuwa na haraka. Niliandika moshi, reli, mji wote, kisha paap, "mikono ilitetemeka." Nilipoisoma kesho yake nikacheka peke yangu kazini, wapiga taipu wenzangu wakanitazama. Mikono ya nani? Ya mji?

La pili nikashuka kama ulivyonifunza, polepole, mpaka kwa Kavata. Nikaandika, "Majonzi makuu yaliutanda moyo wake, wala hakujua kwamba macho yake yalikuwa mekundu." Nikaona nimeandika vizuri kweli. Nililala nayo, nikaamka nayo, ndipo nikasikia kidole chako kwenye meza. Kama niko ndani ya Kavata, nani ameyaona hayo macho? Yeye hajiangalii kiooni. Basi kuna mtu wa tatu chumbani, amesimama kando ya jiko anamtazama, na huyo mtu ni mimi, nimevaa viatu. Na hayo majonzi makuu ni ya nani? Mama hajawahi kutamka neno majonzi maishani mwake. Nikaichana.

La tatu nikamshikisha Kavata birika. Wageni wamekaa, yeye anamimina, wanamwambia, mikono inatetemeka, chai inamwagika mezani, inachuruzika mpaka sakafuni. Niliandika huku nalia, Baba, na nikajua nimeipata. Nililia mpaka karatasi ya kaboni ikalowa.

Nilitaka mtu wa kumsomea. Ningekusomea wewe. Kwa kuwa hupo, nikamsomea Mama.

Hatukuwahi kumsomea Mama, umewahi kufikiria hilo? Jioni zote zile tulikuwa tunasoma na kugonga, yeye yuko upande wa pili wa pazia anapika, na hatukuwahi kusema, hebu njoo usikilize. Alikuja na ungo wake, akakaa kigodani karibu na mlango, akaendelea kuchagua maharagwe. Nikasoma. Moshi, akaitikia kwa kichwa. Wanaume wakivuka barabara, akaitikia. Nilipofika kwenye chai kumwagika, vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Haikumwagika," akasema.

Nikamwambia, Mama, ni hadithi.

"Hadithi ya nani? Chai haikumwagika hata tone. Nilimimina kwa mikono miwili."

Nikajisikia mjinga, Baba, mtu mzima na taipureta yangu. Na hapo, bila kupanga, nikauliza. Mama, ilikuwaje?

Akanieleza huku akitupa mawe madogo madogo nje ya mlango. Walikuja wakati kila mtu ameenda kazini. Aliwaona na ovaroli zao, wamevua kofia, akajua wametoka kwa Musyoka, akadhani wametumwa kuchukua kitu alichosahau. Na wageni hawaulizwi shida mlangoni. Hukaribishwa, wakapewa chai, wakishakunywa ndipo watakwambia kilichowaleta, ndivyo tulivyolelewa sote. Ilikuwa enzi ile sukari imekuwa adimu madukani, watu wanapanga foleni na kurudi mikono mitupu. Mama alikuwa na kidogo, ameifunga kwenye karatasi nyuma ya mkebe wa mafuta, ya Musyoka, kwa kuwa Musyoka hanywi chai ya bila sukari, angeweza kwenda kazini na njaa kuliko kuinywa. Alikuwa akimtania, "Mathe, hii si chai, hii ni dawa ya minyoo." Basi Mama akaifungua ile karatasi. Akawatilia wageni sukari ya Musyoka. Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, akaomba aongezewe. Akamwongezea. Wakanywa taratibu, wakimtazama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumaliza. Halafu wakamwambia.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama hakulisema hilo, ninalisema mimi, na ninalisema kwa uchungu.

"Walipokuwa wananiambia sikutetemeka," Mama akasema. "Nilikuwa mbele ya watu. Nilitetemeka walipoondoka, nilipokuwa naosha vikombe. Cha yule aliyeongezewa kilikuwa na sukari chini, imejaa hivi. Hakuikoroga. Ameiomba na hakuikoroga. Nilikasirika, Mwikali, nilikasirika mpaka nikashindwa kushika kikombe. Sikuwa nimeanza kulia. Nilikuwa na hasira ya sukari."

Ungeweza kukaa juu ya mji huu miaka mia, Baba, usiione ile sukari. Hata ukisimama mlangoni huioni, maana iko chini ya kikombe na kikombe kiko mkononi mwake. Mimi niliye mwanawe, niliyesema nimelelewa nyuma ya pazia, nilikuwa nimempa majonzi makuu na chai ya kumwagika, kama mama yeyote wa kitabu chochote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Kwa nini hakukwambia wewe, uliyekuwa ukiandika jambo hilo hilo hapo mezani, hatua chache kutoka kwake.

Akapepeta ungo, maganda yakaruka.

"Baba yako alirudi jioni ile, akakuta vikombe vimeoshwa. Akalia, tukalia wote. Lakini hakuniuliza walikuja vipi. Nikasema ataniuliza kesho. Halafu akaanza kuandika, nikasema sasa ataniuliza, maana atahitaji. Nilikuwa nangoja aulize."

Hivyo ndivyo alivyosema, wala hakusema kwa kukulaumu. Mimi ndiye ninayekulaumu. Ulikuwa ukingoja kukaribishwa, naye alikuwa akingoja ubishe hodi, na kati yenu ni kipande cha kitambaa cha maua nilichokipiga pasi mwenyewe. Ulijua kumshusha msomaji kutoka mawinguni, ukashindwa kuvuka chumba. Niliingia pale chooni nyuma nikafunga mlango, nikakutukana, Baba. Kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Kisha nikanawa uso nikarudi mezani, nikaandika mara moja tu, bila kuchana. Sikiliza, kwa kuwa hiki ni kitabu chako:

*Moshi wa viwandani huamka kabla ya watu. Hupita juu ya reli, juu ya mabati ya Mukuru, ukatandaa juu ya Mbotela, na watu huuvuta bila kuuona.*

*Asubuhi moja ya baridi, wanaume wanne wa ovaroli walivuka Barabara ya Jogoo, kofia mkononi. Hawakuwa wakizungumza.*

*Kwenye safu ya nyumba karibu na bomba, mama mmoja alikuwa kizingitini akichagua maharagwe. Aliwaona, akaweka ungo chini. Kavata hakupenda wageni wa asubuhi, lakini hawa walikuwa wa kazini kwa mwanawe, na maji yalikuwa tayari jikoni.*

*Majani yapo. Sukari ipo, ile ya mwanangu, nyuma ya mkebe. Basi, wageni ni wageni. Huyu mnene anataka zaidi. Mpe.*

*Wakanywa. Wakasema. Wakaenda.*

*Maji ya kuoshea ni ya moto, vizuri. Kikombe hiki safi. Hiki safi. Hiki kina sukari chini, imeganda. Hakukoroga. Ameiomba na hakukoroga, ameiacha hapa, nyingi, angekunywa nayo kesho, angekunywa nayo keshokutwa. Vidole, shikeni. Ni kikombe tu. Shikeni.*

Basi. Inaishia hapo.

Nilimsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maji hayakuwa ya moto," nikabadilisha, nikaandika ni baridi. Hakusema lingine. Aliinuka akaenda kuinjika maharagwe.

Nikapeleka kwa mhariri. Alisoma nikiwa nimekaa mbele yake, akarudia ukurasa wa mwisho, kisha akavua miwani. Akasema ni nzuri, lakini nimemwacha msomaji pabaya. Sura nyingine zote zinamalizikia juu, akasema, mji unatulia, jua linatua, msomaji anapata pumzi. Niongeze aya moja tu: kutoka kwenye vidole turudi dirishani, kutoka dirishani turudi kwenye paa, moshi, mji wote. "Hivyo ndivyo marehemu alivyoandika," akasema.

Aya moja tu, Baba. Ningeweza kuipiga pale pale kwenye mashine ya karani wake. Nilikuwa nimechoka, na kurasa zako zilikuwa chini ya kiwiko chake. Nilimwona akizigonga gonga zikae sawa, kama mtu anayejiandaa kumrudishia mtu mzigo wake.

Nikamwambia kwamba tukirudi juu tutakuwa tumemwacha Kavata peke yake na vyombo. Huko juu anakuwa tena mama mmoja kati ya mama wengi, na kifo cha mwanawe kinakuwa hali ya hewa. Ukishamfikisha mtu pale, nikasema, huna ruhusa ya kumtoa, atoke mwenyewe akishaweza. Na sura zile nyingine zinarudi juu kwa sababu aliyeziandika hakuwa na pa kwenda.

"Lakini marehemu asingemaliza hivi," akasema.

"Marehemu hakuwepo," nikasema. "Wala hakuuliza."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Karani akachungulia. Mhariri akanitazama, akatazama ukurasa, akavaa miwani. Alikubali kwa shingo upande, akanionya kwamba wasomaji watalalamika. Walalamike. Kitabu kitatoka, Baba. Kitatoka na jina lako peke yake juu, sikutaka langu. Nimekipigania nusu kwa kukupenda na nusu kwa kukukasirikia, na bado sijui nusu ipi ilishinda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka mjini, nimejaa ushindi, nimtangazie Mama. Nilimkuta amekaa mahali pake. Nikamwambia kimekubaliwa. Akasema, "Vizuri, mwanangu," akaniuliza kama nimekula. Na akanitazama kidogo, akingoja, kisha akageukia jiko.

Sikuelewa kwa nini alinitazama vile mpaka leo kanisani, katikati ya wimbo. Siku uliyofariki wewe, Baba, mimi nilikuwa kazini. Nilirudi jioni nikakuta umeshafunikwa, majirani wamejaa, Mama Njoki ameshika usukani wa sufuria. Nililia, tukalia wote. Kisha nikaingia kwenye kurasa zako, na tangu masika nimekaa hapa mezani nikigonga, mgongo kwa pazia. Mama alikuwa peke yake na wewe asubuhi ile. Ulisema nini, mikono yake ilikuwa wapi, sijui. Sijamwuliza.

Lala salama, Baba. Nimemaliza kukugombeza, angalau kwa leo. Ninachokuahidi ni hiki: nafunika mashine, navuka chumba sasa hivi, naenda kumwuliza.

Mwanao,
Mwikali